Punda wa Dobi Anaendesha Bajaji

Kisa cha punda wa dobi wengi wetu tulikisikia kabla hatujajua kusoma. Nakikumbusha kwa ufupi, kama nilivyokipokea kwa bibi yangu.

Dobi alikuwa na punda wa kubebea mafurushi ya nguo. Punda akachoka, akatoroka, akaingia porini, akala majani mpaka akanenepa. Sungura akapita, akamwona. Siku hizo simba alikuwa ametoka kuugua, hoi, hana nguvu ya kuwinda, na sungura akamwahidi kwamba nyama itamfuata pale pale alipolala. Akaenda kwa punda akamwambia, nimetumwa, naleta posa. Punda akafurahi, wakaongozana. Simba akamrukia, lakini mwili ulikuwa bado dhaifu; punda akapiga mateke, akachomoka na majeraha yake. Sungura hakukata tamaa. Akamfuata tena: "Mbona umekimbia? Yale ndiyo mazungumzo ya simba." Punda akarudi, na safari hiyo hakutoka. Simba akamwambia sungura, choma nyama, mimi niwekee moyo na masikio tu. Sungura akavila yeye. Simba alipoviulizia akajibiwa: "Mnyama huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi mara ya pili?"

Mimi ni msimuliaji. Kazi yangu kubwa ni kusimulia kwenye vijiwe na shuleni hapa Dar es Salaam, na kuwasaidia vijana wanaoandika. Kisa hiki nimekihamishia mjini, nikakisimulia, nikakibomoa, nikakijenga tena. Nataka kueleza nilivyofanya, kwa sababu nimeona visa vingi vya zamani vikivalishwa nguo za mjini na kupoteza kile kilichovifanya vidumu.

Kwanza, kuhama si jambo geni kwa kisa hiki. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alipokichapisha London mwaka 1870, pamoja na hadithi nyingine alizosimuliwa Zanzibar, kilikuwa kimeshasafiri sana. Mizizi yake iko kwenye Panchatantra, kitabu cha hadithi za kale cha Bara Hindi. Waarabu walikipata kupitia Kalila na Dimna, kitabu alichokitafsiri Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Huko mjanja anayemshawishi punda ni mbweha. Watu wa pwani yetu wakamweka sungura, kwa sababu kwetu ujanja una mwenyewe. Hadithi inayokizunguka kisa hiki, ya kima na rafiki yake, nayo ilibadilishwa. Kwa Wahindi rafiki wa kima ni mamba, kwa Waarabu ni kasa, kwetu ni papa. Kwa hiyo wazee walishaifanya kazi hii kabla yetu. Ukiziweka simulizi hizo pamoja unaona wamebadilisha wanyama bila hofu, ila punda anamwendea simba mara mbili kila mahali, na moyo na masikio havijaguswa na mtu yeyote. Hicho ndicho kilichonifundisha mahali pa kuanzia: tafuta kwanza wale waliokutangulia waliacha nini.

Kijana mmoja katika kundi letu la waandishi alileta simulizi yake ya mjini. Punda wake alikuwa kijana fukara wa Manzese, hajala tangu jana, mama yake mgonjwa. Anaahidiwa kazi, anatapeliwa, anaahidiwa tena, anatapeliwa tena. Aliisoma vizuri na watu wakanyamaza. Kisha nikawauliza wasikilizaji, kosa ni la nani? Mmoja akajibu, "La njaa." Mwingine akasema, "La serikali." Hakuna aliyetaja moyo wala masikio.

Ilikuwa hadithi nzuri, lakini ilikuwa nyingine. Rudi kwenye kisa uone: punda wa dobi hana njaa. Ametoroka mizigo, yuko huru, amenenepa. Majani anayo mpaka mlangoni. Ndiyo maana sungura hakumdanganya kwa majani, alimpelekea posa. Alimpa kitu ambacho pori haliwezi kumpa, yaani heshima ya kuchaguliwa. Ukimfanya punda awe na njaa, msikilizaji anamhurumia, na anayehurumiwa hatumuulizi kwa nini hakusikia. Funzo linahama kutoka masikioni kwenda tumboni.

Kwa hiyo punda wangu nikampa riziki. Nilimwita Mabega. Alianza kwa kubeba mizigo Kariakoo, mafurushi ya mitumba, kwa malipo ya mzigo mmoja mmoja. Akaacha. Akaendesha bajaji ya tajiri kwa mkataba, akipeleka hesabu kila siku, mpaka mkataba ukaisha na bajaji ikawa yake, kadi yenye jina lake. Analala anapotaka, anaamka anapotaka. Ana daftari dogo la jalada gumu, anaandika kila shilingi inayoingia na inayotoka. Hilo daftari lishike, lina kazi mbele.

Jambo la pili ni udhaifu wa simba. Waandishi wengi wakifika mjini humfanya simba kuwa mwenye nguvu kuliko wote: bosi wa majambazi, bastola kiunoni, walinzi wanne. Mtu wa namna hiyo hamhitaji sungura. Angetoka mwenyewe usiku akachukua. Kisa hiki kinasimama juu ya simba asiyeweza kufukuza. Anaishi tu kama nyama itamwendea kwa miguu yake. Wangu nikamfanya mzee wa Mbezi, aliyewahi kuwa na maduka na sasa hana. Nyumba bado kubwa, geti bado refu, gari liko uani na matairi yamelala. Hawezi kumshika mtu, na anachohitaji ni dalali.

Na dalali ndiye sungura. Hapo sikulazimika kufikiri sana. Kila mtu wa Dar anamjua dalali, wa vyumba, wa viwanja, wa magari. Lakini nilijilazimisha kukumbuka kwamba wako madalali wengi wanaokula kwa jasho lao, na baadhi yao wamekaa kijiweni wakinisikiliza. Kwa hiyo sikuandika "madalali ni matapeli". Nilimwandika huyu mmoja, na maneno yake.

Maneno yake ndiyo roho ya kisa, na ndiyo niliyoyahangaikia kuliko yote. Mara ya kwanza ni rahisi. Anamkuta Mabega kwenye maegesho, anamwambia, "Mdogo wangu, kuna mzee ana bajaji kumi zinaingia bandarini. Hataki wahuni. Amekuona unavyofanya kazi, akaniambia, huyu ndiye awe mbia wangu, azisimamie." Hiyo ni posa. Mabega anatoa kishika uchumba cha shilingi laki sita na kwenda Mbezi kusaini. Pale mezani anaona karatasi ina jina la mtu mwingine limefutwa kwa wino mweupe, na chini yake anasoma bajaji zilezile kumi. Anauliza. Mzee anakuja juu, mlinzi anakimbilia geti, shati linachanika, Mabega anaruka nje na bajaji yake. Laki sita zimebaki ndani.

Hapa lazima kuwe na jeraha, tena jeraha la kuonekana. Punda wa porini alirudi na alama za kucha mwilini mwake. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba simba ni simba. Ukimwacha mtu wako wa mjini atoke salama, na wasiwasi tu moyoni, kurudi kwake kutakuwa jambo la kawaida, kwa sababu yeyote anaweza kupuuza wasiwasi. Kwa hiyo Mabega ana ushahidi wa aina mbili. Simu yake ina ujumbe wa muamala, tarehe, saa, laki sita na jina la aliyepokea. Ina pia sauti ya mzee akifoka, maana alikuwa anarekodi. Daftari lake lina mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: "Mbezi, laki sita, zimekwenda."

Sasa sungura anarudi, na hapa ndipo kisa kinaposimama au kuanguka. Bibi yangu alimpa sungura sentensi moja tu, "yale ndiyo mazungumzo ya simba," na inatosha, kwa sababu haikani jeraha. Sungura hamwambii punda kwamba hakuumia. Anachukua kilekile kilichomuumiza na kukipa maana nyingine. Nilikataa kauli nyingi kabla ya kupata ya mjini. Dalali akiomba radhi, si sungura tena; kuomba radhi ni kukubali kosa, na anayekubali kosa anaweza kusamehewa, kwa hiyo kurudi kwa Mabega kunakuwa wema. Akisema "sikujua, hata mimi nilidanganywa," naye anakuwa punda mwenzake. Akimpa vitisho, tumerudi kwenye bastola.

Niliyoibakiza ni hii. Dalali anakaa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji kama abiria na kusema: "Mdogo wangu, mzee alikuwa anakupima. Anataka kujua kama una macho. Wenzako wanne walisaini bila kusoma, akawafukuza. Wewe ukasoma, ukauliza, ukapigania chako. Na nikuulize, angekuwa tapeli angekuacha utoke na bajaji?"

Swali hilo la mwisho huwa naliacha likae kidogo. Nimeona madereva wakitikisa vichwa kukubaliana nalo kabla hawajashtuka. Uzima wa Mabega umegeuzwa kuwa ushahidi wa wema wa aliyetaka kummaliza, na sifa ya kuwa makini ndiyo iliyotumika kumzubaisha. Ndiyo mazungumzo ya simba, kwa lugha ya Mbezi.

Mabega anarudi. Safari hii anaingiza bajaji mpaka uani, anaikabidhi kadi "iunganishwe na zile kumi", anasaini. Anaachiwa soda mezani. Akimaliza soda, hakuna mtu ndani.

Kilichobaki ni moyo na masikio, na hapo nilikwama kwa muda mrefu. Mjini hatuli watu. Mwenzangu mmoja alinishauri simba aombe kadi na funguo, na sungura awe ameshaviuza. Kwa mali, hesabu inatimia. Ila jaribu kuisema ile sentensi ya mwisho: "Hakuwa na kadi wala funguo, angekuwa navyo angerudi?" Haina maana. Mwenye kadi na funguo anaweza kurudi vizuri tu. Sentensi ya sungura inafanya kazi kwa sababu vitu viwili vilivyopotea ndivyo vilevile ambavyo vingemzuia punda kurudi. Kwa hiyo nilipaswa kutafuta vitu viwili vya mjini vyenye sifa tatu: vinashikika, simba anavitaka, na mwenye navyo akivitumia harudi.

Jibu lilikuwa tayari mfukoni mwa Mabega. Simu ndiyo masikio, daftari ndiyo moyo. Mzee anavitaka hasa, maana ndivyo vinavyoweza kumpeleka mahakamani. Anamwambia dalali, "Bajaji uza, pesa tutagawana. Mimi niletee simu yake na lile daftari." Dalali, aliyevichukua Mabega alipoviweka mezani kusaini, ameshavificha kwake, kwa sababu siku moja vitamfaa kumkaba navyo mzee mwenyewe. Mzee anauliza, viko wapi? Dalali anafungua mikono: "Mzee wangu, yule kijana hakuwa na simu wala daftari. Angekuwa na simu yenye ujumbe ule, na daftari lenye mstari ule mwekundu, angerudi kwako mara ya pili?"

Nilipoifikisha kauli hiyo kwenye kijiwe cha bajaji kule Buguruni, kabla sijasema neno lingine, dereva mmoja alitoa simu yake na kuanza kupekua ujumbe wa zamani. Hakusema alikuwa anatafuta nini, wala sikumuuliza.

Limebaki suala la anayesimulia, ambalo wengi hulitupa. Katika hadithi ya zamani, kisa cha punda hakisimuliwi na bibi. Kinasimuliwa na kima, akiwa juu ya mkuyu, kwa papa aliye majini chini. Kima alikuwa akimtupia papa matunda kila siku. Papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni, na katikati ya bahari akafichua kwamba sultani wao anaumwa na dawa ni moyo wa kima. Kima akamwambia, ungeniambia mapema, sisi mioyo tunaiacha mtini. Papa akamrudisha, kima akapanda, akakaa. Papa akamwita ashuke. Ndipo kima akajibu: wanifanya mimi punda wa dobi?

Maana yake kisa chote cha punda ni jibu la mtu anayeitwa mara ya pili. Kikitoka mdomoni kwa mwalimu au mzazi kinakuwa mahubiri. Kikitoka kwa aliyeponea chupuchupu saa ileile, kinakuwa mlango unaofungwa. Sikutaka kukipoteza, kwa hiyo nikamtafutia kima nyumba.

Nikamweka mama mmoja wa Magomeni, mjane, anayekaa ghorofa ya pili ya nyumba aliyoachiwa na mumewe na kupangisha vyumba vya chini. Ana rafiki wa miaka mingi, mwanamke mwenzake, ambaye hula kwake karibu kila mchana. Siku moja mama ametoka kutoa nakala ya hati ya nyumba, rafiki anampitia na gari: "Shoga, twende nikakutembeze, kila siku mimi nakula kwako." Wakishapita Ubungo, rafiki anaanza kulia. Anadaiwa, mkopeshaji anataka dhamana jioni ile, na dhamana aliyomwahidi ni hati ya nyumba ya Magomeni.

Hati iko kwenye mkoba, mapajani mwa mama. Anaushika mkoba, anasema kwa upole: "Ungeniambia mapema, mwenzangu. Watu hatutembei na hati za nyumba, ziko kabatini. Geuza gari tukaichukue." Rafiki anageuza. Mama anapanda ngazi, anafunga mlango wa chuma, anatokea dirishani. Rafiki yuko chini anaita, "Vipi, umeipata? Shuka basi, tunachelewa." Na kutoka dirishani mama anaanza: "Unamjua Mabega, yule wa bajaji?"

Mkoba kuwa mapajani si pambo. Moyo wa kima ulikuwa kifuani mwake muda wote aliosema ameuacha mtini. Ningeiacha hati kabatini kweli, mama angekuwa amesema kweli tu, na werevu wake ungekwenda na maji.

Nikimaliza, swali huwa lilelile: dalali alikamatwa? Mwalimu mmoja aliyetaka kukitumia kisa darasani aliniomba niongeze polisi mwishoni, wanafunzi wasije wakadhani wizi unalipa. Namheshimu, na hofu yake naielewa. Lakini kisa hakikumwadhibu sungura, huko Bara Hindi, kwa Waarabu wala hapa pwani, na simba mwenyewe aliishia kunyimwa alichokitaka. Polisi wakifika, msikilizaji anapumua: mji una wenyewe wa kunilinda, hata nikirudi mara ya pili. Nikamwambia mwalimu nitakisimulia kama kilivyo, halafu nitampa nusu ya kipindi wanafunzi waseme wao wangeandika nini kwenye daftari la Mabega siku ileile ya laki sita, na wangemwonyesha nani. Alikubali. Wanafunzi wengi waliandika kwamba wangemwonyesha mama. Msichana mmoja akaandika kwamba angeibandika karatasi ile kwenye kioo cha mbele cha bajaji, dalali akipanda aisome kwanza yeye. Hiyo nimeiomba, na kuanzia wiki ijayo nitaijaribu kwenye simulizi, nione kama Mabega mwenye karatasi kiooni bado anaweza kushawishika. Nadhani hawezi, na kama hawezi basi itabidi karatasi hiyo nimpe yule mama wa Magomeni, aibandike mlangoni.